India, China au Saudia? Ulinganisho wa ufadhili wa serikali kwa Mganda anayetaka kuwa mhandisi wa ujenzi

Barua ya ufadhili hueleza vizuri nani atalipa ada, nani atalipa malazi na posho itakuwa kiasi gani. Jambo moja kubwa hailigusi: ukirudi Uganda na shahada yako, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, itakupokea kama mhandisi au itakurudisha mlangoni?

Nawaandikia vijana waliomaliza kidato cha sita, na wazazi wao, ambao wana barua mkononi au wako karibu kujaza fomu. Nimechagua uhandisi wa ujenzi kwa makusudi. Mhasibu mwenye shahada ya chuo kisichojulikana anaweza bado kupata kazi kwa bidii yake. Mhandisi hawezi, kwa sababu sheria ya Uganda hairuhusu mtu kufanya kazi kwa jina la mhandisi bila usajili, na usajili huanza na shahada. Ukikosea chuo, miaka minne au mitano ya ugenini inaweza kuishia kwenye kazi ya usaidizi pale saiti.

Nimezichukua nchi tatu ambazo vijana wetu huziulizia sana: India, China na Saudia. Malaysia, Korea, Japani na Uturuki nazo zina ufadhili mzuri, na kipimo nitakachoeleza kinafaa huko pia.

Milango miwili ya nyumbani

Mlango wa kwanza ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Hili ndilo linalolinganisha shahada ya nje na shahada ya Uganda. Linatazama kama chuo kinatambuliwa na serikali ya nchi kilipo, kama masomo yalichukua muda unaostahili, na kama wewe mwenyewe ulikuwa na sifa za kuingia chuo kikuu kabla hujaondoka, yaani angalau prinsipali mbili za kidato cha sita katika mtihani mmoja. Sharti hilo la mwisho huwashtua wengi. Kuna wanaopata nafasi nje kwa cheti cha kidato cha nne na mwaka mmoja wa masomo ya maandalizi, wakarudi na shahada, ndipo wakaulizwa cheti cha kidato cha sita ambacho hawana.

Mlango wa pili ni ERB, na huo hutazama ndani ya shahada: hisabati ilifundishwa kiasi gani, mekanika ya udongo, haidroliki, usanifu wa zege na chuma, mafunzo ya kazini. Mtu anaweza kupita mlango wa kwanza akakwama wa pili. NCHE ikisema hii ni shahada halali ya miaka minne, haijasema kwamba ni shahada inayomfanya mtu kuwa mhandisi.

Ndiyo maana sifa ya chuo peke yake haitoshi, na hili ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo: kagua programu, usikague chuo tu. Chuo kikubwa chenye jina kinaweza kuwa na idara ya uhandisi wa kompyuta iliyokaguliwa na kupasishwa, huku idara ya ujenzi haijakaguliwa kamwe.

Kipimo kimoja kwa nchi zote

Wahandisi wana makubaliano ya kimataifa yanayoitwa Makubaliano ya Washington. Mashirika ya ukaguzi ya nchi wanachama hukubaliana kwamba programu iliyopasishwa na mmoja wao ina uzito sawa na ya mwingine. India ilipokewa kuwa mwanachama kamili mwaka 2014, China mwaka 2016. Uganda haimo kati ya wanachama kamili, kwa hiyo ERB hailazimiki kumpokea mtu kwa sababu ya makubaliano hayo peke yake. Hata hivyo, sijaona ushahidi mwepesi kuueleza kwa bodi yoyote ya wahandisi kuliko huu: programu yako ilikaguliwa na shirika fulani, tarehe fulani, kwa kiwango kinachojulikana. Na siku ukitaka kufanya kazi nje ya Uganda, ushahidi huo hupanda thamani.

India

Ufadhili wa serikali ya India hutolewa na Baraza la India la Mahusiano ya Kitamaduni, ICCR, na maombi hufanywa kwenye tovuti yao, a2ascholarships.iccr.gov.in. Hakuna ada ya kuomba. Mwombaji huchagua vyuo vitano na kuvipanga kwa mpangilio anaoutaka, huandika insha ya maneno 500 kwa Kiingereza, kisha vyuo vyenyewe husema vinamkubali au la. Posho ya shahada ya kwanza imekuwa rupia 18,000 kwa mwezi, na juu yake kuna fedha ya pango inayotegemea mji. Beba akiba ya kukutosha wiki za mwanzo, maana posho ya kwanza huja baada ya usajili, kufungua akaunti ya benki na taratibu za uhamiaji.

Faida kubwa ya India kwa Mganda ni kwamba masomo ni kwa Kiingereza, na shahada yao ya kwanza ya uhandisi, B.Tech, huchukua miaka minne kama uhandisi wa Makerere. Hakuna mwaka wa lugha. Hata kanuni za usanifu zinakaribiana na zetu: kanuni yao ya zege, IS 456, imejengwa kwa fikra zilezile za BS 8110 ya Waingereza ambayo ofisi nyingi za Kampala zimeizoea. Anayetoka huko hahitaji muda mrefu kuzoea michoro ya hapa.

Mtego wa kwanza uko kwenye kombinesheni. Kwa uhandisi, ICCR hutaka fizikia, kemia na hisabati, zote tatu. Mwenye PCM hana shida. Mwenye PEM, yaani fizikia, uchumi na hisabati, anaweza kufikiriwa na vyuo vya nyumbani, ila kwa ICCR kemia itamkwamisha. Asipoteze nafasi zake tano kwa kuombea B.Tech.

Mtego wa pili uko kwenye alama za ubora, nao ni mzito zaidi. Vyuo vya India hupenda kutangaza daraja walilopewa na shirika la ukaguzi wa vyuo, NAAC: A++, A+, A na kuendelea chini. Hilo ni daraja la chuo kizima. Programu za uhandisi hukaguliwa na shirika jingine, NBA, na NBA ina ngazi mbili. Ngazi ya kwanza, Tier I, ni ya taasisi zinazojitawala kimasomo, nayo ndiyo inayoingia kwenye Makubaliano ya Washington. Ngazi ya pili, Tier II, ni ya vyuo vilivyo chini ya chuo kikuu kingine, na haiingii. Vyuo vya ngazi zote mbili vitaandika kwenye tangazo kwamba vimepasishwa na NBA, na vyote vitakuwa vimesema kweli.

Tena upasishaji wa NBA una mwisho. Hutolewa kwa miaka mitatu au sita. Fungua nbaind.org, tafuta orodha ya programu zilizopasishwa, soma jina la programu, ngazi, na mwaka wa mwisho. Ukiona muda unaisha ukiwa mwaka wa pili, usikimbie papo hapo. Andikia idara uulize kama wameomba ukaguzi mpya na ulipangwa lini.

Jambo jingine: ukishakubali na kusajiliwa, ICCR hairuhusu kubadilisha chuo wala kozi. Ukaguzi wote ufanywe kabla ya kujaza vyuo vitano.

China

Ufadhili wa serikali ya China husimamiwa na Baraza la Ufadhili la China, CSC. Nafasi za makubaliano kati ya serikali mbili hutangazwa kwetu kupitia Wizara ya Elimu na Michezo, na wizara ndiyo inayopendekeza majina. Njia nyingine hupitia vyuo vyenyewe, nayo imekuwa zaidi ya uzamili na uzamivu. Kwa shahada ya kwanza mwombaji awe na umri chini ya miaka 25.

Kwa fedha, China inatoa kifurushi kizuri: ada, bweni, bima ya afya na posho ya yuani 2,500 kwa mwezi. Tiketi ya ndege hulipwa pale makubaliano yanaposema hivyo, kwa hiyo usome barua yako, usisikilize ya mwenzako wa mwaka jana.

Uzito wa China ni lugha. Wafadhiliwa wa shahada ya kwanza husoma kwa Kichina, wakitanguliwa na mwaka mmoja wa maandalizi. Mwaka huo hujumuisha Kichina cha kawaida, na kwa wanaoelekea sayansi, hisabati, fizikia na kemia kwa Kichina. Mwishoni kuna mtihani. Asiyepita haendelei na ufadhili. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani kwa fizikia anaweza kushindwa kwa sababu hajaweza kusoma swali. Mzazi, muulize mtoto wako kwa ukweli kama lugha humwingia, na usimhukumu kwa jibu lake.

Akivuka huo mwaka, ana kitu ambacho mwenzake wa India hana. Barabara ya mwendokasi ya Kampala hadi Entebbe, yenye urefu wa kilomita 51, ilijengwa na kampuni ya China, na bwawa la Karuma la megawati 600 pia. Kwenye miradi ya namna hiyo, mhandisi Mganda anayeweza kusoma mchoro na barua ya mkandarasi kwa Kichina, akazungumza na msimamizi bila mkalimani, hubaki kazini wenzake wakipunguzwa. Atabidi ajifunze mwenyewe kanuni za usanifu zinazotumika Uganda, kwa sababu alichofundishwa ni kanuni za GB za China. Kazi hiyo anaiweza kwa miezi kadhaa akiwa na mwongozo mzuri ofisini.

Kuhusu ubora, programu za uhandisi za China hukaguliwa na shirika la CEEAA. Swali la kuuliza chuo ni hili: je, wanafunzi wa kigeni watakaa darasa moja na Wachina kwenye programu iliyokaguliwa, au wamewekewa programu ya pembeni? Baadhi ya vyuo vina madarasa ya Kiingereza ya wageni peke yao. Jengo ni lilelile na jina la kozi ni lilelile, ila mtaala na walimu wanaweza kuwa tofauti, na ukaguzi ukawa haukuwagusa. Mfadhiliwa wa CSC anayesoma kwa Kichina pamoja na Wachina yuko salama zaidi hapa kuliko anayejilipia kozi ya Kiingereza.

Kumbuka pia kwamba China hutoa vyeti viwili, cha kumaliza masomo na cha shahada. Kuna wanaomaliza kozi bila kutimiza masharti ya shahada, wakapewa cha kwanza peke yake. NCHE hulinganisha shahada, na cheti cha kumaliza hakiwezi kushika nafasi yake.

Saudia

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu kwa uhandisi wa shahada ya kwanza nafasi ni finyu kuliko wengi wanavyoamini. Ufadhili wenyewe ni mkarimu: masomo, malazi, tiketi ya kwenda na kurudi kila mwaka na posho isiyofika riyali 1,000. Maombi hupitia studyinsaudi.moe.gov.sa, na vyuo vya serikali ni vingi. Ila nafasi nyingi wanazopata vijana wetu, hasa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, ni za sharia, Kiarabu na elimu ya dini, zikitanguliwa na taasisi ya lugha. Kwa anayetaka elimu hiyo ni baraka kubwa. Kwa anayetaka ujenzi, naomba asikubali nafasi ya Kiarabu kwa ahadi ya mdomo kwamba atahamia uhandisi akifika.

Ukipata barua inayosema wazi uhandisi wa ujenzi, tazama mambo mawili: kama programu imepasishwa na NCAAA, shirika la ukaguzi la Saudia, na kama imo kwenye orodha ya ABET, shirika la Marekani linalokagua programu za uhandisi, abet.org. Vyuo kama Mfalme Fahd cha Dhahran vimekuwa na ABET kwa muda mrefu. Ni alama nzuri ya ubora, ingawa ABET iliyotolewa nje ya Marekani haiingizi programu moja kwa moja kwenye Makubaliano ya Washington.

Mfano: kijana wa Arua mwenye barua mbili

Chukua kijana wa Arua mwenye PCM, prinsipali tatu nzuri, umri miaka 19. Ana ofa ya ICCR ya B.Tech ya ujenzi katika chuo cha jimbo moja India, na wizara imempendekeza kwa China kwa fani hiyohiyo. Nyumbani wanavutika na China kwa sababu posho ni kubwa.

Anaanza na India. Daraja la NAAC la chuo ni A+, familia inashangilia. Anafungua orodha ya NBA: uhandisi wa umeme upo, wa mitambo upo, wa ujenzi haupo. Anasoma barua tena na kuona kwamba atasomea kwenye chuo kishiriki kilicho mji mwingine, shahada ikitoka kwa jina la chuo kikuu. Anatafuta chuo kishiriki kwa jina lake. Ujenzi upo, Tier II, na muda unaisha mwaka unaofuata. Kwa hiyo ile A+ haikuwa inamhusu sana.

Anakwenda China. Chuo ni cha serikali, ufundishaji ni kwa Kichina, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni inajibu barua pepe kwa siku chache: wageni huchanganywa na Wachina kuanzia mwaka wa kwanza wa shahada, na programu imekaguliwa na CEEAA. Wanaambatisha ukurasa wenye tarehe.

Sasa anapiga hesabu ya muda. Akianza mwaka 2026, India angemaliza 2030 na China 2031, endapo atavuka mtihani wa lugha. Mwaka mmoja wa ziada una gharama, na hatari ya lugha ni ya kweli. Upande wa pili kuna programu ya India ambayo, kwa barua ile, haina ushahidi atakaoweza kuuweka mezani ERB.

Mimi ningemwambia achukue China, kwa sharti kwamba aanze Kichina leo. Chuo Kikuu cha Makerere kina Taasisi ya Confucius. Miezi michache kabla ya safari humpunguzia mzigo wa mwaka wa maandalizi. Lakini kama mojawapo ya vyuo vyake vitano vya India ingekuwa taasisi ya taifa ya teknolojia, NIT, yenye ujenzi kwenye Tier I na muda uliobaki, ushauri wangu ungegeuka: India, miaka minne, kwa Kiingereza, bila hatari ya lugha. Tofauti kati ya majibu hayo mawili haitokani na nchi. Inatokana na mstari mmoja kwenye orodha ya NBA, ambao angeweza kuusoma siku ile anajaza vyuo vitano.

Barua mbili za kuandika kabla ya kusaini

Ya kwanza iende idara ya uhandisi ya chuo, siyo kwa wakala wala ofisi ya matangazo. Omba silabasi kamili ya kila somo ikiwa na saa za kufundisha, jina la shirika lililokagua programu na tarehe ya mwisho ya upasishaji, jina litakaloandikwa kwenye cheti, na mahali hasa utakaposomea. Idara inayofanya kazi yake hujibu. Isiyojibu maswali manne katika wiki tatu imeshakupa habari.

Ya pili iende ERB, ukiambatisha silabasi hiyo, kuuliza kama waliowahi kusoma programu hiyo wamesajiliwa na ni nini kilipungua. Nakala ipeleke NCHE kuuliza kama chuo kinatambuliwa. Ukiweza kufika Kampala mwenyewe, fika, na uombe jibu la maandishi. Jibu la mdomo la mtu wa mapokezi halitakusaidia mwaka 2031.

Kuhusu mawakala, jueni kwamba ICCR na nafasi za wizara hazinunuliwi. Anayekudai mamilioni ya shilingi kwa ajili ya ufadhili wa serikali huenda anakuuzia punguzo la ada la chuo binafsi, ambapo nusu ya ada na gharama zote za kuishi zitabaki kwako. Mwombe akuonyeshe barua yenye jina la mfadhili, kisha uipeleke ubalozini wakuthibitishie.

Na siku ya kurudi ikifika, usipande ndege kabla ya kupata transkripti kwa Kiingereza, cheti cha shahada chenyewe au, kwa India, cheti cha muda wakati wa kusubiri mahafali, na silabasi iliyogongwa muhuri wa chuo. Vithibitishwe na wizara ya mambo ya nje ya huko na ubalozi wa Uganda, Beijing, New Delhi au Riyadh. Ukiwa hukohuko ni kazi ya siku kadhaa. Ukisharudi Arua, mtu wa kukufuatilia muhuri mmoja wilayani kwako hayupo, na chuo kitakujibu pale kitakapopata nafasi.